Ankara Iliyopotea Saa Kumi Jioni

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye tawi Tanga na ofisi kuu Dar es Salaam. Kila nusu saa programu fulani huamka kwenye seva, ikachukua mauzo mapya ya Tanga na kuyanakili katika kanzidata ya ofisi kuu. Kazi hiyo huitwa kusawazisha. Siku moja mhasibu wa Dar anapiga simu: mteja ameonyesha ankara ya mabati, saruji na misumari, imegongwa muhuri na pesa imelipwa, lakini kwenye mfumo wa ofisi kuu haipo. Tanga wanafungua mfumo wao, wanaiona. Hakuna aliyeifuta, na programu haikutoa kosa lolote wiki nzima.

Ili kuelewa ankara ilipitia wapi, lazima kwanza ijulikane programu inajuaje mauzo yapi ni mapya. Haisomi jedwali zima kila mara. Inaweka alama. Kila mstari wa mauzo una saa ulipoandikwa au kubadilishwa mara ya mwisho, na programu hukumbuka saa kubwa kuliko zote iliyokwisha kuichukua. Safari inayofuata huomba mistari iliyo juu ya hapo tu. Mafundi huiita alama ya maji, mfano wa ule mstari ambao bahari huuacha ukutani maji yakishajaa na kupwa: ukiutazama unajua yalifika wapi.

Mfumo mwingi huhifadhi alama moja tu, ya sasa, na kila safari huifuta ya zamani. Hapo ndipo uchunguzi hukwama, kwa sababu ya wiki iliyopita haijulikani tena. Duka hili lina bahati: fundi wake alitengeneza jedwali la pembeni, ambamo kila safari huandika mstari wake na kuuacha. Wanatafuta safari ya saa kumi jioni ya siku ile, wanakuta hivi:

```
run_id         | 412
started_at     | 2025-03-14 16:00:00
finished_at    | 2025-03-14 16:00:09
status         | success
rows_read      | 46
rows_written   | 46
watermark_from | 2025-03-14 15:29:52
watermark_to   | 2025-03-14 15:59:47
```

Kwa juu juu hakuna kasoro. Imesoma 46, imeandika 46, sekunde tisa, imefaulu. Lakini alama mbili za mwisho zinampa fundi kitu cha kushika, maana zinataja kipande halisi cha muda ambacho safari hii ilidai kukimaliza. Anaweza kurudi Tanga na kukihesabu upya kipande hicho hicho:

```
SELECT count(*) FROM mauzo
WHERE updated_at > '2025-03-14 15:29:52'
  AND updated_at <= '2025-03-14 15:59:47';
```

Jibu ni 49. Mistari mitatu imezidi: mabati, saruji na misumari.

Imezidije, ikiwa safari ilipita na kuchukua kila kitu? Karani wa Tanga alianza kuingiza ankara saa 9:58 alasiri. Mfumo ukasubiri malipo ya simu yathibitishwe, na muamala ukakamilika saa 10:01. Kanzidata yao ni PostgreSQL, na humo `now()` haitoi saa ya kumaliza muamala, bali saa ulipoanza. Kwa hiyo mistari ile ilibeba saa 15:58, ingawa mpaka 16:01 hakuna aliyeweza kuiona. Safari ya 16:00 ilipopita haikuikuta, ikachukua mauzo mengine na kusogeza alama hadi 15:59:47. Safari ya 16:30 ikaomba vilivyo juu ya alama hiyo. Ankara ikabaki chini, mahali ambapo hakuna safari itakayorudi tena.

Kosa la namna hii halipigi kelele, na ndiyo maana neno “imefaulu” peke yake halitoshi. Kilicholifichua ni idadi pamoja na mipaka ya muda. Idadi bila mipaka isingesaidia, kwa kuwa fundi asingejua ahesabu nini.

Kuna tahadhari moja katika kuhesabu upya. Mstari uliorekebishwa baadaye, tuseme mteja karudisha mifuko miwili ya saruji, hupata saa mpya na kuhama kutoka kipande chake cha zamani. Hesabu ya leo ikipungua kuliko ile ya daftari, huenda ni hilo tu. Ikizidi, kuna kitu kilirukwa. Na mistari iliyofutwa kabisa huko Tanga alama ya maji haiioni kamwe; hiyo hutafutwa kwa njia nyingine, kwa kulinganisha namba za ankara za pande zote mbili.

Dawa aliyochagua fundi ni kurudi nyuma kidogo. Kila safari sasa huanza kusoma dakika kumi kabla ya alama, na mstari uliokwisha kunakiliwa hutambuliwa kwa namba yake ya ankara na bidhaa, ukaandikwa juu ya ule wa zamani badala ya kuwa wa pili. Hilo linabadilisha pia kinachohesabiwa. Safari itasoma 60 ambapo 14 ni marudio, hivyo `rows_written` moja haifai tena. Lazima mistari mipya na iliyorudiwa ihesabiwe kando. Faida yake ni kwamba mstari mpya ukitokea ndani ya zile dakika kumi za marudio, daftari linaonyesha wazi kwamba muamala uliochelewa umenaswa. Muamala utakaokaa wazi zaidi ya dakika kumi bado unaweza kuponyoka.

Jambo la pili ni lini mstari wa daftari uandikwe. Ukiandikwa mwishoni, umeme ukikatika katikati ya safari hakutabaki dalili kwamba ilianza. Bora uandikwe mwanzoni na hali ya `running`, kisha ujazwe kazi ikiisha. Mstari wenye `running` tangu jana usiku na `finished_at` tupu ni safari iliyokufa njiani. Alama mpya nayo huhifadhiwa katika muamala mmoja na mauzo yenyewe, ili visogee pamoja au visisogee kabisa. Lakini mstari wa daftari upite muunganisho wake wa pekee: ukiwekwa ndani ya muamala ule ule, kazi ikifeli kanzidata itarudisha kila kitu nyuma, pamoja na maelezo ya kilichofelisha.

Muda wa safari husomwa kwa wiki, si kwa siku. Sekunde tisa Machi, arobaini Juni, dakika nne Septemba, huku idadi ya mauzo ikiwa ile ile: mara nyingi safu ya `updated_at` haina faharasa, na kanzidata inapekua jedwali zima linaloendelea kunenepa. Siku safari itakapozidi nusu saa, ya pili itaanza kabla ya kwanza kumaliza.

Mstari wa safari ya 412 haukuguswa. Mkaguzi akiuliza mwezi ule ofisi kuu ilijua nini na lini, jibu liko pale: 46, saa kumi jioni. Marekebisho yalifanywa kwa safari mpya yenye namba yake, kipande kile kile cha muda, na safu ya mistari mipya ikasomeka 3.