Kuzima mahali kwa programu moja, simu ikiwa kwa Kiarabu

Simu nyingi zinazotumwa na jamaa wa Maskati hufika Unguja, Pemba na Tanga mipangilio yake ikiwa kwa Kiarabu. Anayepokea mara nyingi amesoma chuoni na herufi anazijua, lakini Kiarabu cha menyu si kile cha msahafu: hakina irabu, maneno yamekatwakatwa, na mengi ni istilahi za juzi tu. Ikiwa simu ni yako peke yako, njia fupi ni kubadilisha lugha, kwa kuwa Android ina Kiswahili. Ila ikiwa ni ya mkwe au ya mzee aliyezoea Kiarabu chake, ukimbadilishia lugha utamwacha gizani kwa sababu ya swichi moja. Hapo inabidi kuisoma menyu ilivyo.

Tuchukue programu ya nyakati za sala, kwa kuwa ndiyo karibu kila simu ya namna hii inayo, na ndiyo huomba kujua mahali ulipo mara tu unapoifungua. Novemba 2020 jarida la mtandaoni la Motherboard liliripoti kwamba data za mahali za watumiaji wa Muslim Pro, programu maarufu ya sala, zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, na kwamba miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walitangaza kukatisha uhusiano huo. Njia iliyotumika haikuwa wizi wa kuvunja mlango. Ndani ya programu kulikuwa na kipande cha programu cha kampuni nyingine, na kipande hicho hutumia ruhusa ileile ambayo mwenye simu ameitoa kwa ajili ya sala. Ndiyo maana swali la kujiuliza ni programu imepewa nini, wala si jina lake ni zuri kiasi gani.

Kabla ya kugusa chochote, zoea upande. Menyu ya Kiarabu imepinduliwa kulia kwenda kushoto, na si maandishi peke yake. Mshale wa kurudi nyuma uko juu kulia na unaelekea kulia. Viduara vya kuchagua viko kulia mwa maneno. Na swichi nazo zimegeuka, jambo linalowapoteza hata mafundi: katika simu ya Kiswahili au Kiingereza swichi iliyowashwa ina kitufe chake upande wa kulia, lakini hapa kitufe kikiwa kushoto ndipo imewashwa. Anayefuata mkono wake huwasha alichotaka kuzima, kisha huondoka ameridhika. Fuata rangi. Swichi yenye rangi imewashwa. Ya kijivu imezimwa. Mpangilio wa juu kwenda chini ndio haukupinduliwa.

Njia isiyohitaji kusoma sana haianzii kwenye mipangilio. Nenda kwenye skrini ya mwanzo, bonyeza aikoni ya programu ile ya sala na uishikilie bila kuachia. Kijisanduku kitatokea, na ndani yake mna alama ya i iliyozungushiwa duara, pengine ikiambatana na maneno معلومات التطبيق. Iguse. Umeingia kwenye ukurasa wa programu hiyo peke yake, na hapa huwezi kukosea ukamzimia mtu ramani au teksi yake. Kupitia mipangilio ya jumla, الإعدادات, pia utafika, lakini utapita kwenye orodha ndefu ya programu ambayo baadhi ya majina yake yameandikwa kwa Kilatini na mengine kwa Kiarabu.

Katika ukurasa huu mna vitufe viwili vya kuviheshimu. Chenye maneno إلغاء التثبيت huiondoa programu kabisa, na فرض الإيقاف huilazimisha isimame. Hicho cha pili kinashawishi, kwa sababu programu hunyamaza papo hapo. Lakini ruhusa inabaki palepale, na ukiifungua tena kesho inaendelea ilipoishia. Wewe teremka hadi kwenye mstari wa الأذونات, yaani ruhusa. Ndani yake utakuta mafungu mawili: lenye neno مسموح ni vilivyoruhusiwa, na lenye غير mbele ya neno hilohilo ni visivyoruhusiwa. Tafuta neno الموقع. Simu nyingine huongeza neno la pili, الجغرافي, lakini la kwanza ndilo la kulishika, na kwa kawaida pembeni yake ipo alama ya pini ya ramani, ile ya tone lililosimama kwa ncha.

Ukigusa hapo unafika panapoamuliwa jambo. Mistari ni mitatu au minne, mmoja mmoja na kiduara chake. Kwa Android ruhusa pana zaidi iko juu na katazo liko chini. Wa juu kabisa, wenye maneno طوال الوقت, unairuhusu programu wakati wote, hata ikiwa imefungwa na simu iko mfukoni. Unaofuata una أثناء, maana yake wakati tu programu inatumika. Kisha upo wenye كل مرة, wa kuulizwa kila mara, ambao sikio la Mswahili halihitaji kufafanuliwa. Wa mwisho ni عدم السماح, usiruhusu. Katika simu za zamani kidogo, wa mwisho huandikwa kwa neno moja, رفض.

Sasa tazama maneno mawili yanayofanana. السماح ni kuruhusu, nalo limo katika mistari ya kutoa ruhusa na pia katika mstari wa kuinyima. Kinachobadilisha ni عدم, herufi tatu tu zilizotangulia. Anayesoma haraka, macho yakitua kwenye neno analolitambua, atadhani mistari yote inasema jambo moja. Ukitaka kuzima, tafuta عدم kwanza.

Usihesabu mistari. Mstari wa wakati wote huonekana tu ikiwa programu yenyewe imeomba ruhusa hiyo, kwa hiyo "wa tatu kutoka juu" katika programu moja ni kuulizwa kila mara, na katika nyingine ni kukatazwa. Kibaya zaidi, iPhone imepanga kinyume. Humo unapita الإعدادات, kisha الخصوصية والأمن, kisha خدمات الموقع, halafu jina la programu, na juu kabisa ndipo penye أبدًا, kamwe. Chini kabisa, kama programu imeomba, ni دائمًا, daima. Aliyejifunza kwenye Android kwamba wa chini ndio wa kuzima, siku anaposhika iPhone ya shemeji yake atafungua kila kitu. Humo pia, katika ukurasa wa خدمات الموقع, usiguse swichi kubwa ya juu. Hiyo inazima mahali kwa simu nzima, na simu ikipotea itakuwa vigumu zaidi kuitafuta.

Chini ya viduara, kwenye Android kuanzia toleo la 12 la mwaka 2021, ipo swichi yenye neno الدقيق, la mahali hasa. Ukiizima lakini ukaacha ruhusa, programu hupewa eneo la kukadiria la kama kilomita tatu za mraba, bila nyumba wala mtaa. Kwa nyakati za sala hilo linatosha na kubaki. Jua husogea digrii moja ya longitudo kila dakika nne, na digrii moja karibu na ikweta ni kama kilomita 111. Kukosea kwa kilomita mbili tatu kunahamisha magharibi kwa sekunde chache, pungufu ya muda anaotumia muadhini kukohoa na kusogeza kipaza sauti. Kibla nacho hakidai zaidi: kutoka Unguja, Makka iko karibu kaskazini kamili, na sindano ya dira kwenye skrini inaendeshwa na kipima sumaku cha simu, kifaa ambacho ruhusa ya mahali haikihusu.

Kwa sababu hiyo mimi huona katazo kamili ni bora kuliko eneo la kukadiria, maadamu programu inakubali uchague mji kwa mkono. Nyingi zinakubali. Gusa kiduara cha عدم السماح. Simu ikikuonya kwamba huenda mambo fulani yasifanye kazi, thibitisha. Hakuna kitufe cha kuhifadhi cha kutafuta, kwani chaguo limeshika pale pale. Rudi nyuma hatua moja kwa ule mshale wa kulia na uangalie: الموقع iwe imehama kutoka fungu la مسموح kwenda lile la غير. Ikiwa haikuhama, hukuzima.

Halafu fungua programu. Yaelekea itaomba tena, na safari hii dirisha la ombi litakuwa na vitufe vilivyopangwa juu kwenda chini. Kataa kwa عدم السماح. Tangu Android 11, ukikataa mara mbili mfumo hauionyeshi tena programu hiyo njia ya kuuliza. Itakachobaki nacho ni ujumbe wake wenyewe, wa kukubembeleza uende kwenye mipangilio, na huo unaweza kuupuuza. Ukiifuta programu na kuipakua upya, hata hivyo, hesabu inaanza mwanzo.

Katazo hili lina mipaka yake. Halifuti yaliyokwisha kutumwa. Wala haliifichi anwani ya intaneti ambayo simu hutumia kuunganishwa, na kwa anwani hiyo mwenye programu anaweza kukisia nchi na mara nyingi mji. Anachopoteza ni ule mfululizo wa nukta: nyumbani saa fulani, msikiti gani, hospitali gani, nani ulilala kwake. Huo ndio ulikuwa bidhaa, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliipiga marufuku X-Mode kuuza data za mahali penye unyeti, nyumba za ibada zikiwamo.

Kazi iliyobaki ni mji. Ndani ya programu tafuta tena neno الموقع au alama ya pini, na katika kisanduku cha kutafutia andika زنجبار, au Zanzibar kwa Kilatini. Hakikisha mstari unaouchagua una تنزانيا. Simu iliyotoka Maskati huenda bado inakumbuka Maskati, na programu haitakuambia. Itakupa nyakati zilizopangika vizuri za mji mwingine. Linganisha magharibi na adhana ya msikiti wa karibu jioni hiyohiyo. Tofauti ya dakika mbili tatu ni ya utaratibu wa kukokotoa au ya tahadhari ya msikiti. Ikipita robo saa, mji ndio uliokosewa: rekebisha mji, ruhusa iache imefungwa.