Selimundu: Kumrudisha Mtoto Uwanjani

Maumivu ya muda mrefu, yaani yanayodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3, huwapata watoto kwa sababu nyingi, lakini magharibi mwa Kenya, ambako malaria imetamba kwa vizazi, mojawapo ya sababu kuu ni selimundu, ugonjwa wa kurithi ambamo chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kusababisha maumivu makali ya ghafla.

Baadhi ya watoto huendelea kuumwa hata siku ambazo hakuna mishipa iliyoziba, kwa kuwa neva zilizopitisha maumivu mara nyingi huwa nyepesi kushtuka. Mtoto wa miaka 10 huelewa akiambiwa kwamba neva zake ni kama mbwa wa boma aliyewahi kuvamiwa na wezi, ambaye sasa hubweka hata jani likianguka: anabweka kweli, ila si kila mara mwizi yupo. Hata hivyo, maumivu ya kinena yanayomfanya achechemee yapigwe picha ya eksirei kwanza, kwa sababu selimundu huweza kuua mfupa wa nyonga.

Kosa la kawaida hutokea siku ya nafuu. Mtoto wa Bungoma aliyekaa ndani wiki nzima hucheza kandanda dakika 40 mfululizo, kisha hulala siku 3, na wazazi wakaamua kwamba mpira haumfai. Njia bora ni kutafuta kwanza muda anaoumudu bila kuzidiwa kesho yake. Ukiwa ni dakika 10, aanze na 8 kila siku, asizidishe hata akijisikia vizuri, na aongezewe dakika 1 au 2 kila wiki, huku akinywa maji kabla, katikati na baada ya mchezo. Kitale, mji ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zenye baridi humtaka avae sweta, kwani baridi hubana mishipa.

Mpango huo husimama maumivu makali yakianza, ambapo mtoto hupewa dawa, maji na mapumziko. Na akipata homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, maumivu ya kifua, shida ya kupumua, tumbo kuvimba ghafla au udhaifu wa upande mmoja, hupelekwa hospitalini bila kungoja.

Nyumbani, mtoto anayeulizwa kila saa kama anaumwa hujifunza kuyatafuta maumivu mwilini mwake, na anayeitwa "mgonjwa wetu" mbele ya wageni hulizoea jina hilo. Mzazi anaweza kumwachia aseme mwenyewe panapouma, na jioni, badala ya kuuliza maumivu yalikuwa wapi, akauliza mabao yalikuwa mangapi.