Make Inapodanganywa na Saa

Mwaka 1976, katika maabara ya Bell nchini Marekani, mtaalamu wa programu Steve Johnson alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo alikuwa ameshalirekebisha. Maandishi ya programu yake yalikuwa sahihi, ila faili aliyokuwa akiijaribu ilikuwa imetengenezwa kutokana na maandishi ya zamani. Mwenzake, Stuart Feldman, alipousikia mkasa huo alitunga programu ya kuwaepusha watu na usumbufu wa namna hiyo, akaiita make. Hadi leo inatumika duniani kote, na mwaka 2003 ilimpatia Feldman tuzo ya chama cha wanakompyuta cha ACM.

Jinsi make inavyoamua ni rahisi mno. Unaiambia kwamba faili fulani inatokana na faili nyingine, nayo inatazama tarehe na saa ambayo kila moja ilibadilishwa mara ya mwisho. Chanzo kikiwa kipya kuliko zao, zao linatengenezwa upya. Zao likiwa jipya kuliko chanzo, make haigusi kitu. Haifungui faili wala haisomi kilichomo ndani. Inaamini saa tu, na saa ikikosea, hukumu nayo inakosea.

Tuchukue mfano wa kitabu. Mwandishi wa Dar es Salaam ana sura kumi na mbili, kila moja katika faili yake, na kanuni moja tu inayozigeuza kuwa kurasa za kuchapwa:

```
all: $(patsubst %.tex,%.pdf,$(wildcard sura*.tex))

sura%.pdf: sura%.tex
	pdflatex $<
```

Mchana huu amebadilisha jina la mchapishaji katika sura zote, na kompyuta yake ya Windows imeandika kwenye kila faili saa 14:40, yaani saa nane na dakika arobaini. Saa 14:42 PDF zote zilikuwa tayari. Anaifunga folda katika zip na kuituma kwenye seva ya kukodi, ambako mhariri ataendelea na kazi. Seva hiyo, kama seva nyingi, inakwenda kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Zip inafunguliwa saa 15:00 za Dar, wakati saa ya seva inasoma 12:00.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Muundo wa asili wa zip huandika saa kama inavyosomeka ukutani, bila kusema ni ukuta wa wapi. Seva inakuta 14:40 na kudhani ni 14:40 ya UTC. Saa zote mbili zinakwenda sawasawa, hakuna iliyokosea hata dakika moja, lakini faili zimefika zikiwa na wakati ambao kwenye seva haujafika.

Kitakachofuata kinategemea kilichokuwemo ndani ya zip. Tuseme mwandishi alituma maandishi peke yake, bila PDF. Mhariri anaamuru make, sura zote kumi na mbili zinatengenezwa, na PDF zinapewa saa 12:01. Anaamuru tena saa 12:05 bila kubadilisha hata nukta. Make inalinganisha 14:40 ya chanzo na 12:01 ya zao, inaona chanzo ni kipya, na inaanza kazi yote upya. Itafanya hivyo kila mara mpaka 14:40 ipite na PDF zitengenezwe tena baada ya hapo. Angalau make ya GNU, iliyozoeleka kwenye Linux, inapiga kelele:

```
make: Warning: File 'sura3.tex' has modification time 9300 s in the future
make: warning:  Clock skew detected.  Your build may be incomplete.
```

Sekunde 9300 ni saa mbili na dakika thelathini na tano, muda uleule uliobaki kutoka 12:05 hadi 14:40. Ukikuta pengo linaloelekea saa tatu kamili baada ya kupokea faili kutoka kwetu, shuku ukanda wa saa kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Kazi ya bure inachosha, lakini kitabu kinachotoka ni sahihi.

Sasa tuseme zip ilibeba na PDF. Saa 12:05 mhariri anasahihisha kosa katika sura ya tatu, na faili yake inapata saa halisi ya seva, 12:05. PDF ya sura hiyo imeandikwa 14:42. Kwa make, zao ni jipya kuliko chanzo, kwa hiyo akiamuru `make sura3.pdf` hakuna la kufanya:

```
make: 'sura3.pdf' is up to date.
```

Marekebisho hayamo katika PDF. Onyo la saa bado linaonekana, lakini ni rahisi kupitiwa na jicho. Baya zaidi linakuja ikifika 14:43. Saa iliyoandikwa kwenye PDF haiko tena mbele ya saa ya seva, kwa hiyo onyo linanyamaza, ilhali 14:42 bado ni baadaye kuliko 12:05. Kuanzia hapo kosa halina dalili yoyote. Kesho na keshokutwa make itaendelea kusema sura ya tatu iko sawa, na kosa lililosahihishwa litakwenda kiwandani likachapwe.

Ndiyo maana onyo hilo lisipuuzwe hata mara moja, na lisisubiriwe liondoke lenyewe. Kwanza hakikisha saa ya seva ni sahihi kwa amri ya `date -u`, inayoonyesha UTC popote ulipo. Kisha tafuta faili zenye wakati ujao, zipe saa ya sasa, na uilazimishe make itengeneze kila kitu:

```
find . -type f -newermt now
find . -type f -newermt now -exec touch {} +
make -B
```

Mstari wa kwanza unaorodhesha tu, wa pili ndio unaobadilisha saa. Kama onyo limeshanyamaza, amri hizo mbili za `find` hazitakuta kitu, lakini `make -B` bado inaponya, kwa sababu haitazami saa kabisa.

Kunakili faili ndani ya kompyuta moja nako kuna mtego wake. `cp` ya kawaida huipa nakala saa ya sasa, lakini `cp -p` hubakisha saa ya zamani. Ukirudisha sura ya tano kutoka kwenye akiba ya wiki iliyopita kwa `cp -p`, maandishi yamebadilika, ila saa yake ni ya wiki iliyopita na PDF ni ya jana. Make haitafanya lolote, na safari hii haina hata onyo la kutoa, maana hakuna saa iliyo mbele. Inauliza kama chanzo ni kipya kuliko zao. Haiulizi kama kimebadilika. Dawa ni `touch sura5.tex` mara tu baada ya kurudisha.

Kuna zana nyingine, kama SCons, ambazo kwa kawaida hukokotoa alama kutokana na yaliyomo ndani ya faili, kwa hiyo saa haiziyumbishi. Anayebaki na make ashike desturi moja: atume vyanzo tu, mazao yatengenezwe kule yanakokwenda. Mwandishi wetu angeziacha PDF Dar es Salaam, mhariri angechoshwa na kazi ya kurudiarudia mchana mmoja, lakini sura ya tatu ingechapwa ikiwa imesahihishwa.