Manila Nyeupe, Picha ya Kijivu

Chupa ya asali ikiwekwa juu ya manila nyeupe na kupigwa picha kwa simu bila kugusa lolote kwenye skrini, mara nyingi manila hiyo hutoka kijivu. Muuzaji hudhani karatasi ndiyo mbovu na kwenda kununua nyingine, au huanza kuitamani simu ya bei zaidi. Chanzo ni kipimo cha kamera. Kamera haijui kwamba kilicho mbele yake ni cheupe. Hupima mwanga unaorudi, kisha huipanga picha ili wastani wake ukaribie kijivu cha kati, yaani rangi ya kitu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Manila safi hurudisha karibu asilimia 90, mara tano zaidi. Kadiri weupe unavyojaa kwenye picha, ndivyo kamera inavyopunguza mwanga ili kuurudisha wastani mahali ilipozoea. Simu za siku hizi hujirekebisha kiasi, lakini ni nadra kufika hadi kwenye weupe ambao maduka ya mtandaoni yanautaka. Amazon, kwa mfano, huagiza mandhari ya picha kuu iwe nyeupe kamili, RGB 255, 255, 255.

Dawa ya kwanza basi ni kuiambia kamera iongeze mwanga. Kwenye simu nyingi unagusa bidhaa kwenye skrini, unashikilia kidole hadi kipimo kijifunge (iPhone huandika AE/AF LOCK), kisha unavuta alama ya jua kwenda juu. Simu yenye hali ya Pro huonyesha namba za EV; kati ya +0.7 na +1.3 ndipo manila huanza kuwa nyeupe kweli. Hapa ndipo maelekezo mengi huishia, na hapa ndipo tatizo lenyewe linapoanza, kwa sababu mwanga ulioongezwa kwenye karatasi umeongezwa pia kwenye asali. Rangi yake ya kahawia iliyoiva hupauka, maandishi ya lebo huanza kufifia, na ukingo wa chupa huyeyukia kwenye weupe ulio nyuma yake. Ndiyo maana naona kwamba mandhari nyeupe haitengenezwi na namba za kamera peke yake. Karatasi ya nyuma inapaswa kupata mwanga mwingi kuliko bidhaa, na kazi hiyo hufanyika mezani kabla simu haijainuliwa.

Tuichukue asali ya msitu wa Mau, ile ambayo Waogiek wa Mariashoni wanajulikana nayo, ikiwa kwenye chupa ya kioo na inapigwa picha katika chumba cha kawaida hapa Njoro. Meza inasogezwa karibu na dirisha, dirisha likiwa ubavuni. Manila inabandikwa ukutani kwa selotepu na kuteremshwa juu ya meza kwa mpindo laini usio na kona. Sehemu iliyosimama wima huangaziwa na dirisha kwa mshazari, kwa hiyo hupata mwanga mdogo kuliko mtu anavyodhani. Igeuze kidogo ilitazame dirisha. Kisha ipange meza ili manila hiyo ya nyuma ndiyo iwe mkabala na katikati ya dirisha, na chupa ikae nusu mita mbele yake, kuelekea kamera. Kwa mpango huo karatasi hupata mwanga mwingi na chupa hupata pungufu, nawe unaweza kuinua EV bila kuiunguza asali.

Dirisha gani? Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya husema dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua la mchana hupita kusini. Njoro iko takriban theluthi moja ya nyuzi kusini mwa ikweta, na hapa jua hubadilisha upande. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Kwa hiyo dirisha lenye mwanga tulivu mwezi Juni ni la kusini, na mwezi Desemba ni la kaskazini. Mwenye dirisha moja tu, la mashariki, apige picha alasiri. Jua likiingia moja kwa moja litachora kivuli kikali na doa jeupe linalong'aa kwenye kioo. Shuka nyeupe nyepesi ikitundikwa dirishani, dirisha zima hugeuka kuwa taa moja kubwa, na kadiri taa inavyokuwa kubwa kuliko bidhaa ndivyo vivuli vinavyolainika.

Asali ina shida yake ya pekee, kwani uzuri wake uko kwenye mwanga unaopenya ndani yake. Kata kipande cha karatasi nyeupe kilicho kidogo kuliko chupa, kifiche nyuma yake kikiwa kimeinama kuelekea dirishani, na asali itawaka kwa ndani. Upande ulio mbali na dirisha simamisha kadibodi nyeupe ili lebo ipate mwanga. Zikitokea kingo za kioo zimepotea, weka vipande viwili vyembamba vya karatasi nyeusi kulia na kushoto kwa chupa, nje kidogo ya picha. Kioo kitaakisi weusi huo na kujichora mstari mwembamba kila upande. Simama kama mita moja na ukate picha baadaye, kwa sababu lenzi pana ya simu ikikaribia sana hupotosha umbo la chupa.

Yupo atakayesema kwamba haya yote ni usumbufu, kwa kuwa programu ya simu hufuta mandhari kwa mguso mmoja. Kwa pakiti ya unga au kiatu, hoja hiyo ina nguvu, na sioni sababu ya kumzuia mtu. Kwa kioo haifai. Programu hukata ukingo wa nje, lakini ule ukijivu unaoonekana kupitia shingo ya chupa hubaki palepale, na kivuli chepesi kilichoikalisha chupa mezani hutoweka, hata bidhaa ikaonekana inaelea. Kuangaza picha iliyotoka giza nako kuna gharama: chembechembe huibuka kwenye sehemu zenye weusi, na asali huangazwa sawasawa na karatasi, yaani tumerudi kwenye tatizo lilelile.

Rangi nayo inahitaji kulindwa. Kamera ikiona kahawia nyingi hudhani mwanga wenyewe ni wa njano, ikajaribu kuusahihisha. Karatasi huingia ubuluu na asali hupoteza joto la rangi yake. Katika hali ya Pro, funga WB karibu na 5500K, kisha ipandishe au uishushe hadi manila isiwe na ubuluu wala unjano. Zima balbu ya chumba, maana mwanga wake na wa dirisha hautofautiani kwa nguvu tu bali pia kwa rangi.

Ukaguzi wa mwisho ni rahisi. Ifungue picha juu ya ukurasa mweupe. Ukiona mpaka wa picha, karatasi bado ni kijivu. Ukiona shingo ya chupa imemezwa, umepitiliza, shusha EV kidogo. Na siku ambayo mawingu yametanda alasiri yote ukalazimika kutumia taa ya umeme, kumbuka kwamba umeme wa Kenya ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Mistari ya giza ikikatiza picha, weka kasi ya kamera 1/50 au 1/100, ISO ikiwa chini kadiri taa inavyoruhusu, na simu ikiwa imeegemezwa mahali isipotikisika.