Mlango Kushoto, Dele Kulia

Nilitaka picha moja tu: baraza ya nyumba ya Mji Mkongwe, mlango wa nakshi kushoto, muuza kahawa ameketi kulia, dele lake mbele ya magoti. Programu ya akili mnemba ikauweka mlango katikati. Niliporudia, mzee akahamia kushoto na dele likatoweka. Programu hizi huelewa vizuri kuna nini kwenye picha, ila kipi kiwe wapi huelewa nusunusu.

Basi nikaacha kubishana nayo kwa maneno, nikachora. Mwaka 2023 Lvmin Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa ControlNet, kiungo cha kuambatisha kwenye Stable Diffusion. Mtambo wenyewe hawakuugusa. Walinakili sehemu yake, wakaifundisha nakala hiyo kusoma michoro. Picha huanza kama chengachenga tupu na kusafishwa hatua kwa hatua, na katika kila hatua nakala ile huivuta ifuate mistari uliyochora.

Mchoro wangu ulikuwa wa kitoto: mstatili, duara la kichwa, pia iliyopinduliwa. Nikaupiga picha kwa simu, nikachagua `scribble`. Picha iliyotoka haikuhusiana nao hata kidogo. Kumbe mtambo huo umezoea mistari myeupe juu ya weusi, na karatasi yangu ilikuwa kinyume, ilitakiwa `invert`. Nilipoiweka, kila kitu kikakaa mahali pake, lakini mlango ukapinda kama mkono wangu ulivyotetemeka. Nikashusha `Control Weight` kutoka 1 hadi 0.6, na `Ending Control Step` nikaiweka 0.5. Mpangilio huamuliwa katika hatua za mwanzo, kwa hiyo mchoro uliongoza nusu ya kwanza, kisha mtambo ukaachiwa unyooshe mbao na kuchonga nakshi.

Dele, hata hivyo, lilionekana kama limebandikwa ukutani. Mstari hausemi lipi liko mbele. Hapo ndipo inapohitajika ramani ya kina: picha ya kijivu ambamo cheupe ni cha karibu na cheusi ni cha mbali. Niliupaka ukuta kijivu kilichokolea, mlango ukakolea zaidi kwa kuwa umeingia ndani, mzee kijivu cha kati, dele jeupe. Nikachagua `depth`, na penye `Preprocessor` nikaweka `none`. Usipofanya hivyo, programu huidhania ramani yako ni picha ya kawaida na kuikadiria kina upya.

Dele likaja mbele. Mzee akatoka bapa kama sanamu iliyokatwa kwenye kadibodi, kwa sababu nilimpaka kijivu kimoja mwili mzima. Nikarudi kwenye ramani, nikayafanya magoti yawe meupe kuliko mabega na kukoleza kidogo nyuma ya shingo. Safari hii aliketi.