Mnyororo wa Ubadilishaji katika Kulinganisha Miradi Yenye Uhai Usiolingana

Kigezo cha thamani halisi ya sasa huelekeza kwamba kati ya miradi miwili shindani, yaani ile ambayo kuuchagua mmoja ni kuuacha mwingine, uchaguliwe ule wenye thamani kubwa zaidi. Kigezo hiki hakina kasoro iwapo miradi yote miwili inaishi muda sawa. Uhai unapotofautiana, huanza kupotosha, kwa kuwa mradi mrefu hupewa miaka mingi zaidi ya kukusanya faida ilhali mradi mfupi huhesabiwa kana kwamba mwisho wa kifaa ni mwisho wa huduma.

Mfano wa kubuni wa bodi ya maji ya mji mdogo unaonesha jambo hili. Bodi inachagua kati ya pampu mbili za kisima. Pampu ya kwanza inagharimu shilingi milioni 30, inadumu miaka 3, na inaingiza milioni 15 kila mwaka baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Ya pili inagharimu milioni 60, inadumu miaka 6, na inaingiza milioni 16.5 kila mwaka. Kiwango cha punguzo ni asilimia 10, na hakuna pampu inayouzika baada ya kuchakaa.

Kwa pampu ya kwanza, mapato ya miaka 3 yakirudishwa kwenye thamani ya leo ni milioni 13.64, 12.40 na 11.27, jumla milioni 37.30. Ukiondoa bei ya ununuzi, inabaki milioni 7.30. Hesabu kama hiyo kwa pampu ya pili inatoa milioni 11.86. Mshauri atakayeishia hapa ataipendekeza pampu ya pili bila kusita.

Hata hivyo, wakazi hawataacha kunywa maji mwaka wa 3 utakapokwisha. Bodi itanunua pampu nyingine, nayo mbinu ya mnyororo huingiza ununuzi huo katika hesabu: kila mradi hurudiwa hadi miradi yote ikome mwaka mmoja. Kwa miaka 3 na 6, mwaka huo ni wa 6, hivyo pampu ya kwanza hurudiwa mara moja na ya pili haiguswi. Mzunguko wa pili nao una thamani ya milioni 7.30, lakini kwa kipimo cha mwanzo wa mzunguko huo, yaani mwisho wa mwaka wa 3. Ili iwe thamani ya leo, hugawanywa kwa 1.331, ambayo ni 1.1 iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu, na kuwa milioni 5.49. Mnyororo mzima unafikia milioni 12.79. Pampu ya kwanza sasa inaongoza, na uamuzi umegeuka.

Kosa la kawaida hapa ni kujumlisha 7.30 mara mbili na kupata 14.60, bila kurudisha mzunguko wa pili kwenye thamani ya leo. Mnyororo wowote ambao jumla yake ni kizidishio kamili cha mzunguko mmoja una dosari hiyo.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika dhana kwamba pampu ya mwaka wa 3 itanunuliwa kwa bei ileile na kuingiza kiasi kilekile. Tofauti kati ya pampu hizo mbili ni milioni 0.93 tu kwa thamani ya leo, sawa na takriban milioni 1.24 mwaka wa 3. Bei ikipanda kutoka milioni 30 hadi 31.3, mapato yakibaki yalivyo, pampu ya pili inarudi kileleni. Ongezeko hilo halifiki asilimia 5 kwa miaka mitatu, na kwa kifaa kinachoagizwa nje, kushuka kidogo kwa thamani ya shilingi kunatosha kulileta. Kwa hiyo bei hiyo ya kugeuza uamuzi yafaa iandikwe kando ya matokeo.

Pale uhai unapokuwa miaka 5 na 7, kigawe kidogo cha shirika ni 35, na mnyororo huwa mrefu kuliko mpango wowote wa bodi. Njia nyepesi ni kuigeuza thamani ya mzunguko mmoja kuwa kiasi sawa cha kila mwaka. Katika mfano huu ni milioni 2.94 dhidi ya 2.72, mpangilio uleule wa mnyororo. Lakini njia hii imebeba dhana ileile ya kurudia, ila imeifunika.

Kuna hali ambamo kurudia hakuna maana kabisa. Iwapo bomba kuu litafika mjini baada ya miaka 3 na kisima kufungwa, kipindi cha kulinganisha ni hiyo miaka 3. Pampu ya pili itakuwa na hasara ya milioni 18.97 kabla ya kuuzwa, na ili ilingane na ya kwanza itabidi iuzwe kwa karibu milioni 35, zaidi ya nusu ya bei yake ya upya.