Namba 296.0246 Inaficha Nini?

Wakaguzi wa dawa wanaijua hila hii: unga unaouzwa kama mitishamba ya maumivu ya viungo hukutwa umechanganywa na diklofenaki, dawa ya kiwandani, bila mnunuzi kuambiwa. Anayeumwa vidonda vya tumbo anaweza kutokwa damu kwa kuutumia. Tuchukue mfano wa unga wa namna hiyo na tufuate jinsi mkemia anavyoutambua.

Unga unayeyushwa, unachujwa, kisha unaingizwa kwenye spektromita ya masi. Mashine hii huzipa molekuli chaji ya umeme, mara nyingi kwa kuzibandika protoni moja, halafu hupima tungamo ya kila ioni. Tuseme kwenye skrini kimesimama kilele kirefu penye 296.0246. Mashine ya kawaida ingeishia kusema 296. Hii yenye ung'amuzi mkubwa inatoa desimali nne, na siri yote imo humo. Kaboni-12 imepewa tungamo ya 12 kamili, lakini haidrojeni ni 1.0078, oksijeni 15.9949, na klorini nyepesi 34.9689. Kwa hiyo kila mchanganyiko wa atomi huacha mkia wake wa desimali.

Fomula ya diklofenaki ni C14H11Cl2NO2. Ukijumlisha atomi zake na protoni moja unapata 296.0240. Tofauti na kipimo chetu ni 0.0006. Igawe kwa 296.0240, zidisha kwa milioni moja, unapata kosa la 2 ppm, yaani sehemu mbili kwa milioni. Ni sawa na kupima kilomita nzima ukakosea milimita mbili. Maabara nyingi hukubali kosa lisilozidi 5 ppm.

Hapa pana mtego mdogo. Mtu akiongeza atomi nzima ya haidrojeni badala ya protoni, anakuwa ameisahau elektroni iliyoondoka. Elektroni ni nyepesi mno, lakini hesabu itatoa 296.0245 na kosa litaonekana kushuka hadi 0.3 ppm. Hesabu mbovu imeleta jibu la kupendeza kuliko hesabu sahihi! Ndiyo maana mimi siiamini ppm ndogo kwa sababu tu ni ndogo.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba diklofenaki haiko peke yake katika nafasi hiyo. Fomula C9H13NO6S2, yenye salfa mbili na isiyo na klorini, inatoa 296.0257, ambayo ni kosa la karibu 4 ppm tu. Nayo imepita. Kompyuta ikiruhusiwa kuchanganya elementi zaidi, itazitaja nyingine tele.

Kinachoamua ni vilele vidogo vinavyofuata kile kikubwa. Katika kila atomi 100 za klorini, takribani 76 ni nyepesi na 24 ni nzito kwa karibu vizio viwili. Molekuli yenye klorini mbili kwa hiyo haichori kilele kimoja: ikiwa cha 296 kina urefu wa 100, cha 298 kitafika 64 hivi, na cha 300 kama 10. Salfa nayo ina isotopu nzito, ila ni adimu; ile fomula ya salfa mbili ingetoa kilele cha 298 chenye urefu wa 11 hivi. Sitini na nne dhidi ya kumi na moja: hapo hakuna ubishi. Mwaka 2006 Tobias Kind na Oliver Fiehn walionyesha kwamba hata usahihi wa chini ya 1 ppm hautoshi kupata fomula moja, na kwamba urefu wa vilele vya isotopu huondoa fomula nyingi za uongo.

Vilele hivyo navyo hudanganya. Sampuli ikiwa nzito mno, kipokezi hushiba na kilele kikubwa hukatwa kichwa, hivyo vile vya pembeni huonekana virefu kuliko haki yao. Dawa yake ni kuizimua sampuli mara kumi na kupima tena. Uwiano ukibadilika, kipimo cha kwanza hakifai. Joto la chumba likibadilika, namba zote husogea pamoja, na hilo hugunduliwa kwa kupima kitu chenye tungamo inayojulikana sambamba na sampuli.

Hata hivyo fomula si jina. Asidi ya meklofenamiki, dawa nyingine ya maumivu, ina fomula ileile C14H11Cl2NO2, desimali zilezile na vilele vilevile. Kuzitenganisha kunahitaji kupitisha unga na diklofenaki halisi kwenye safu ya kromatografia, kulinganisha muda wa kutoka, kisha kuzivunja ioni na kulinganisha vipande vyake. Ripoti inayotaja jina la dawa kwa kutegemea tungamo na isotopu peke yake haijakamilika.